Mfanyakazi Aliyepunguzwa: Mwezi wa Kwanza ni wa Kuhesabu

Barua ya kupunguzwa kazi haisomwi na aliyepewa peke yake. Jioni ya siku hiyo hiyo huletwa kwa mwalimu wa jirani, au kwa ndugu aliye karani wa wilaya, au kwa mtendaji wa kata, ili asaidie kueleza kilichoandikwa. Kwa sababu hiyo walimu na watumishi wa umma, hata wale ambao ajira zao ni salama, hujikuta wakiwa washauri wa kwanza wa mfanyakazi aliyepoteza kazi. Ushauri wanaoutoa usiku huo una uzito mkubwa kuliko hotuba yoyote atakayoisikia baadaye.

Kupunguzwa kazi si jambo geni nchini Tanzania. Wazee wanakumbuka miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yalipobinafsishwa na Serikali nayo ilipopunguza watumishi wake. Mwaka 2020 hoteli nyingi zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na waliokuwa wakiendesha miradi ya afya kwa fedha hizo wakarudi nyumbani bila kutarajia. Kila mara jambo hili linapotokea huandaliwa mazungumzo ya kuwaaga wafanyakazi. Mara nyingi mazungumzo hayo huwa na sehemu mbili tu: shukrani za mwajiri, na mawaidha kwamba wanaoondoka wajiajiri. Mfanyakazi hutoka ukumbini akiwa na bahasha mkononi na neno "biashara" kichwani, na kabla ya mwezi kwisha bahasha imekuwa tupu.

Mazungumzo ya namna hiyo yamekosea kwa kuanzia mwisho. Anayepunguzwa kazi hana budi kwanza kujua anadai nini, ana siku ngapi za kuishi kwa alicho nacho, na anajua kufanya kazi gani. Biashara, kilimo au ajira nyingine hufuata baada ya hesabu hizo tatu. Mwezi wa kwanza ungetengwa kwa ajili ya hesabu peke yake, na fedha za kiinua mgongo zisiguswe ila kwa chakula na mahitaji yasiyoweza kungoja, hasara nyingi zinazoonekana leo zisingetokea.

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, na uchukuliwe mfano wa fundi wa kiwanda cha nguo mjini Morogoro. Ana mke na watoto watatu. Ametumikia kiwanda miaka 11 akitunza mitambo ya kufuma, siku sita kwa wiki, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000 kwa mwezi. Siku ya mwisho wa mwezi, baada ya kulipwa mshahara wake, anapewa barua inayosema kwamba nafasi yake imefutwa na kwamba atalipwa shilingi 1,920,000 zikiwa "stahili zake zote". Chini ya barua hiyo pana mahali pa kutia saini kwamba ameridhika na hana madai mengine.

Wiki ya kwanza ni ya makaratasi. Fundi huyu asitie saini maneno ya kuridhika kabla ya kufanya hesabu. Anaweza kutia saini kwamba ameipokea barua, akaandika tarehe, akabaki na nakala. Kisha aiombe ofisi, kwa maandishi, mchanganuo wa fedha hizo, yaani kila malipo yaandikwe peke yake. Jumla isiyo na mchanganuo haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote, hata awe hodari wa hesabu kiasi gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayowahusu wafanyakazi wa namna yake, inataja malipo yanayostahili ajira inapokoma. Kwanza ni mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi. Pili ni notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Tatu ni likizo ambayo hakuichukua. Nne ni kiinua mgongo, ambacho hakipungui mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kama mfanyakazi aliajiriwa mahali pengine na kuletwa hapo, yapo pia malipo ya kumrudisha yeye na mizigo yake alikoajiriwa, pamoja na posho ya kujikimu wakati anapongoja usafiri huo. Hivi ni viwango vya chini. Mkataba, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi, yanaweza kutoa zaidi.

Hesabu ya fundi huyu ni nyepesi. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki hugawanya mshahara wa mwezi kwa 26 ili kupata mshahara wa siku moja. Shilingi 520,000 zikigawanywa kwa 26 zinatoa shilingi 20,000. Siku saba ni shilingi 140,000. Zikizidishwa kwa miaka 10, maana mwaka wa 11 hauingii, kiinua mgongo ni shilingi 1,400,000. Mkataba wake unataja notisi ya mwezi mmoja, na kwa kuwa ameambiwa aondoke mara moja anastahili shilingi 520,000. Likizo yake ya nusu mwaka hakuichukua, nayo ni siku 12 za kazi, sawa na shilingi 240,000. Alipata kazi akiwa papo hapo Morogoro, kwa hiyo malipo ya usafiri hayamhusu. Jumla ni shilingi 2,160,000. Barua inasema 1,920,000. Tofauti ni shilingi 240,000, na mchanganuo unapoletwa inaonekana dhahiri kwamba likizo imesahauliwa.

Haifai kudhani kwamba kila upungufu wa namna hii ni hila. Katika ofisi inayoandika barua mia moja kwa siku mbili makosa hutokea, na mengi husahihishwa pale mhusika anapokwenda kwa adabu akiwa na karatasi yake ya hesabu. Lakini asiyehesabu hasahihishiwi.

Hapa ndipo mwezi wa kwanza unapokuwa na maana ya kisheria. Mfanyakazi anayeona kwamba hakuachishwa kwa haki, kwa mfano hakukuwa na taarifa wala majadiliano ambayo sheria inamtaka mwajiri ayafanye kabla ya kupunguza watu, anatakiwa kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Migogoro mingine, kama ile ya malipo yaliyopungua, ina siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba asikilizwe, lakini hana budi aeleze sababu ya msingi, na Tume inaweza kuikataa. Wako wengi walioahidiwa kwa mdomo kwamba "suala lako linashughulikiwa", wakangoja kwa uungwana, na siku 30 zikapita. Kumngoja mwajiri si kosa, lakini tarehe ya mwisho iandikwe ukutani tangu siku ya kwanza, na ikikaribia kabla jibu halijaja, fomu ijazwe.

Kabla wiki hiyo haijaisha, fundi achukue vitu vingine viwili. Cha kwanza ni cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri ampe. Ni vema aombe pia barua inayotaja kazi alizozifanya hasa, kwa kuwa maneno "mtumishi wa kiwanda" hayamsaidii popote. Barua hiyo huandikwa kwa urahisi wakati msimamizi wake bado yupo. Baada ya miezi sita huenda msimamizi naye ameondoka. Cha pili ni taarifa ya michango yake katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ili aone kama kila mwezi aliokatwa umefika kwenye Mfuko. Mwezi uliokosekana hufuatiliwa vizuri zaidi wakati karatasi za mshahara ziko mkononi.

Wiki ya pili ni ya fedha. Kosa linalotendeka hapa ni kuzihesabu fedha kwa shilingi, badala ya kuzihesabu kwa miezi. Shilingi milioni mbili zikiwa pamoja huonekana nyingi kwa mtu ambaye hajapata kushika zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja. Zikigeuzwa kuwa miezi ya kuishi, sura yake hubadilika.

Hesabu hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja kwa siri. Wapo wanaume ambao, kwa kuona haya, huendelea kutoka nyumbani kila asubuhi wakiwa wamevaa nguo za kazi, wakashinda kijiweni hadi jioni, wiki mbili au tatu. Katika muda huo nyumba inaendelea kutumia kama zamani, na mke, ambaye ndiye anayejua bei ya unga na mafuta, hashirikishwi. Mwanamke aliyepunguzwa naye huweza kuficha kwa hofu ya maneno ya wakwe. Siku inayofichwa ina gharama yake, nayo hulipwa kutoka katika kiinua mgongo.

Fundi na mkewe wanakaa na daftari. Wanaandika matumizi ya kawaida ya mwezi: kodi ya nyumba 60,000, chakula 210,000, shule za watoto 40,000, maji na umeme 25,000, marejesho ya mkopo wa chama cha akiba na mikopo 75,000, nauli na simu 40,000, na fedha za mama mzazi kijijini 30,000. Jumla ni shilingi 480,000. Mke anauza maandazi na kubakiwa na faida ya shilingi 80,000 kwa mwezi. Pengo la kila mwezi, basi, ni shilingi 400,000. Upande wa pili wana malipo ya kazini, shilingi 2,160,000, na akiba ya simu shilingi 90,000, jumla 2,250,000. Zikigawanywa kwa 400,000, zinatosha miezi mitano na nusu. Wakiishi kama walivyoishi, hiyo ndiyo siku ambayo sufuria litakauka.

Kisha wanaandika safu ya pili, ya matumizi ya lazima tu. Chakula kinashuka hadi 165,000, kwa kununua kwa jumla na kupunguza nyama. Shule inashuka hadi 30,000, maji na umeme hadi 20,000, nauli na simu hadi 25,000. Mama kijijini anaelezwa ukweli, na anapelekewa 20,000. Kodi ya nyumba haishuki. Kunabaki mkopo.

Mkopo ndio unaowaponza wengi, kwa kuwa hapo awali ulikatwa katika mshahara bila mtu kuhangaika. Mshahara ukikoma, makato hukoma, lakini deni halikomi. Riba huendelea, na baada ya muda wadhamini, ambao pengine nao wamepunguzwa, huanza kudaiwa. Fundi huyu ana akiba ya shilingi 600,000 katika chama, na deni lililobaki ni shilingi 450,000. Akiba hiyo hawezi kuihesabu kuwa ni fedha yake ya matumizi, maana inashikilia deni. Anakwenda kwenye ofisi ya chama kabla ya mwezi kwisha na kuuliza kama kanuni zinaruhusu akiba ikate deni. Zikiruhusu, deni linakwisha, anapata shilingi 150,000, na wadhamini wake wanalala usingizi. Kama mkopo ungekuwa wa benki, angepaswa kusoma mkataba, kwa sababu baadhi ya mikopo ya wafanyakazi ina bima inayohusu kupoteza kazi. Na kama hakuna bima, angeomba marejesho yapangwe upya kabla hajakosa hata moja. Anayekwenda mapema hupokewa kama mteja, na anayetafutwa hupokewa kama mdaiwa sugu.

Sasa matumizi ya lazima ni shilingi 320,000. Maandazi yakitoa 80,000, pengo ni 240,000. Fedha zilizopo zimekuwa 2,400,000. Zinatosha miezi 10 kamili. Nyumba ile ile na fedha zile zile, pamoja na akiba iliyokuwa imefungwa na deni, zimeongezewa miezi minne na nusu ya uhai, na wala hapajafanyika biashara yoyote.

Lipo pia fao la kukosa ajira. Tangu mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, mwanachama aliyeachishwa kazi bila kujiuzulu mwenyewe, aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hajafikia miaka 55, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwa fundi huyu ni takriban shilingi 173,000 kwa mwezi. Aliyechangia chini ya miezi 18 ana hesabu nyingine, na yapo masharti yanayotofautiana kwa kazi mbalimbali, kwa hiyo kila mmoja aende ofisi ya Mfuko akiwa na barua yake ya kuachishwa na kitambulisho. Fao likipatikana, miezi 10 inazidi 14. Lakini lisiandikwe katika daftari mpaka limelipwa, maana tumbo halishibi kwa maombi yaliyo mezani.

Jambo jingine kuhusu Mfuko linastahili kutajwa. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Fundi wa miaka 11 amechangia miezi 132, na amebakiza 48. Akipata ajira nyingine, au akichangia kama mtu aliyejiajiri, anaweza kuikamilisha. Asiyejua kwamba amebakiza miaka minne tu huona michango yake kama fedha iliyofungiwa ovyo. Anayejua huiona kama nyumba iliyobakiza bati.

Wiki ya tatu ni ya ujuzi. Ukimwuliza fundi huyu anajua nini, atajibu kwamba yeye ni mtu wa kiwandani tu, na kiwanda hakipo tena. Jibu hilo linatokana na kutaja cheo badala ya kutaja vitendo. Dawa yake ni kuandika siku moja ya kazi, tangu kengele ya zamu hadi jioni, kila alilolifanya kwa mikono yake. Fundi anaandika: alisikiliza mtambo na kutambua beringi inayokaribia kufa, aliing'oa na kuweka nyingine, alinyoosha na kukaza mikanda, alitia grisi kwa ratiba, alifungua na kufunga mota, aliandika daftari la zamu, aliagiza vipuri, aliwafundisha vijana wapya. Hivyo ni vitendo vinane, na hakuna hata kimoja ambacho ni cha kiwanda cha nguo peke yake.

Mbele ya kila kitendo anaandika majibu ya maswali mawili: nani mwingine hapa anahitaji jambo hili, na ni nini kinachothibitisha kwamba analiweza. Swali la kwanza linamwonyesha jambo lililokuwa mbele ya macho yake. Morogoro ni mkoa wa mpunga na mahindi, na kila kijiji kikubwa kina mashine za kukoboa na kusaga. Mashine hizo zina beringi, mikanda na mota. Zikisimama wakati wa mavuno, mwenye mashine hupoteza fedha kila saa.

Swali la pili linaonyesha udhaifu wake. Alijifunza ufundi kazini, hana cheti. Kwa watu wa namna hii upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi kupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ambao mtu hupimwa kwa vitendo katika kazi anayoiweza na kupewa cheti bila kurudi darasani kwa miaka. Fundi wa Morogoro anaweza kuuliza katika chuo cha Kihonda. Cheti hicho hakimpi ujuzi mpya, ila kinafanya ujuzi wa miaka 11 uonekane kwa mtu asiyemfahamu. Hapa walimu wana kazi yao: kumsaidia mtu kuandika vitendo vyake kwa lugha safi, bila kuongeza wala kupunguza, ni kazi ya saa moja.

Wiki ya nne ndiyo ya kupima njia. Kwa wakati huu fundi ameshapokea ushauri wa kila aina. Shemeji anataka wanunue pikipiki ya bodaboda kwa shilingi 2,600,000, wakope pungufu yake. Rafiki anataka wakodi shamba la mpunga. Kiwanda kingine cha mbali kinasemekana kuandika watu. Yeye mwenyewe anawaza mashine za nafaka. Kila njia iulizwe maswali matatu: ni fedha kiasi gani zitaingia kabla shilingi ya kwanza haijarudi, zitachukua siku ngapi kurudi, na ni dalili gani itakayoonyesha kwamba njia hiyo imeshindikana.

Kipimo cha swali la kwanza kinatoka katika daftari la wiki ya pili. Fundi na mkewe wanaamua kwamba miezi sita ya chakula haitaguswa: shilingi 240,000 mara sita ni 1,440,000. Kinachobaki, shilingi 960,000, ndicho kikomo cha majaribio yote. Pikipiki inaanguka hapo hapo. Si kwa sababu biashara ya bodaboda ni mbaya, bali kwa sababu ingemeza miezi yote 10 na kuzaa deni juu yake, na ajali moja tu ingemaliza kila kitu. Shamba la kukodi linaweza kuingia ndani ya kikomo, lakini fedha zake hulala mpaka mavuno, na mvua ikikosa hazirudi. Kiwanda cha mbali kinagharimu nauli na barua tu. Kijaribiwe bila kuacha mengine.

Mashine za nafaka zinachunguzwa kwa miguu. Kwa siku tano fundi anazitembelea mashine 10 na kuuliza mambo yaliyotokea, wala si maoni. Haulizi "Je, utanipa kazi?", kwa kuwa kila mwungwana atajibu ndiyo. Anauliza: mashine ilisimama lini mara ya mwisho, nani aliitengeneza, ilikaa siku ngapi, na ililipwa kiasi gani. Tuseme saba kati ya 10 zilisimama katika miezi mitatu iliyopita, fundi wa mjini alichukua siku mbili kufika, na ujira ulikuwa shilingi 25,000. Akitoa nauli ya 5,000, kazi moja inambakizia 20,000. Ili kuziba pengo la 240,000 anahitaji kazi 12 kwa mwezi. Vifaa vya kuanzia, yaani spana, kifaa cha kuvutia beringi na grisi, vinagharimu shilingi 180,000, nazo ziko ndani ya kikomo kwa mbali.

Hesabu hii inasema ukweli usiopendeza: kazi 12 hazitapatikana mwezi wa kwanza, na mashine 10 pekee haziwezi kuzitoa. Lakini akipata nane, zitaleta 160,000, na pengo litashuka hadi 80,000. Fedha zilizobaki baada ya vifaa, shilingi 2,220,000, ambazo zingeisha kwa miezi tisa na siku chache, sasa zitavuka miaka miwili, na kiwanda cha mbali kikiita atakwenda akiwa na chaguo. Dalili ya kushindwa nayo inaandikwa mapema: kama miezi mitatu itapita na kazi hazijafikia sita kwa mwezi, njia hiyo iachwe ibaki ya ziada, na nyingine ijaribiwe. Dalili iliyoandikwa kabla ya kuanza ni muhimu, maana mtu aliyekwisha tumbukiza fedha zake huona matumaini hata pasipo na kitu.

Ni kweli kwamba hesabu haiwezi kumtosheleza kila mtu. Yuko aliyepunguzwa na malipo yake ni ya mwezi mmoja tu. Yuko ambaye mwajiri wake hakupeleka michango. Yuko mgonjwa ambaye kadi ya matibabu iliyolipiwa kazini inakoma pamoja na ajira. Hao mwezi wao wa kuhesabu unakuwa wiki moja. Hata hivyo wiki hiyo ni ya lazima zaidi kwao, kwa sababu hawana nafasi ya kukosea mara moja.

Waajiri na vyama vya wafanyakazi wanaoandaa mazungumzo ya kuwaaga wanaopunguzwa wangefanya jambo la maana kama wangebadili utaratibu. Kila mfanyakazi aingie ukumbini na mchanganuo wake mkononi, si bahasha. Awepo mtu wa kuonyesha hesabu ya kiinua mgongo ubaoni, afisa wa Mfuko wa kueleza fao, na mtu wa chama cha akiba na mikopo wa kujibu juu ya madeni. Tarehe ya mwisho ya kwenda Tume itajwe waziwazi, hata kama mwajiri hataipenda. Mawaidha ya kujiajiri yaachwe hadi wiki ya nne, yatolewe kwa watu waliokwisha jua kikomo chao.

Na pale ambapo mazungumzo hayo hayapo, barua itaendelea kuletwa jioni kwa mwalimu au kwa karani. Mwenyeji asikimbilie kusema afanye nini. Amkaribishe mgeni wake, aombe kalamu, aulize kwanza tarehe iliyo kwenye barua, ahesabu siku 30 mbele, na kuizungushia duara.